Uzi: Mzinga wa xiangqi hula kwa kuruka kete ngapi, na kwa nini tembo wangu amekataa kuvuka mto?

Mwanagenzi_Kisauni

Salamu kwenu nyote. Nimekuwa nikicheza xiangqi, yaani sataranji ya Kichina, mtandaoni kila ninapopata nafasi jioni, na sheria nyingi nimezishika kwa kujaribu tu, bila mwalimu. Jana nimecheza mchezo ulioniacha na maswali mawili, nami naomba mwenye ujuzi anieleze sababu, kwa kuwa programu huonyesha tu kwamba hatua imekataliwa bila kusema kwa nini.

Natumia alama zinazoonekana kwenye skrini yangu: herufi a hadi i kutoka kushoto kwenda kulia, na namba 0 hadi 9 kuanzia upande wangu, yaani Mwekundu, kwenda upande wa Mweusi. Mzinga wangu niliupeleka e4. Jemadari wa Mweusi alikuwa e9, na kati yao palikuwa na tembo wake tu, e7. Tishio likaonekana sawasawa. Mpinzani akamtoa mshauri wake f9 akamweka e8, na papo hapo tishio likatoweka. Mimi nilidhani silaha inayoruka vichwa vya wengine haijali kama wamesimama wawili au mmoja. Kwa kuwa sikuona tena faida ya mzinga kukaa pale, niliurudisha nyuma.

Swali la pili linahusu tembo wangu aliyekuwa c4. Askari wa Mweusi alikuwa a6, nukta ya b5 ilikuwa wazi, na tembo huenda nukta mbili kwa mshazari. Nilipojaribu kumla yule askari, hatua ilikataliwa. Kwa faida ya mtakaotaka kuchambua zaidi, gari langu lilikuwa g2, mstari wa g ulikuwa wazi, na Mweusi alikuwa na askari g5 ambaye mlinzi wake pekee alikuwa yule tembo wa e7.

Babu_Drafti

Ndugu yangu, nadhani tatizo lako liko kwenye mzinga wenyewe kabla hata hujafika kwa mshauri. Mimi nilifundishwa mchezo huu na mfanyakazi mwenzangu kutoka Korea tulipokuwa kwenye mradi mmoja wa barabara, na alinieleza wazi kwamba mzinga hauwezi hata kusogea bila kuruka kete nyingine, na kwamba mzinga hauli mzinga mwenzake wala hauruki juu yake. Tembo naye kwetu alikuwa akitembea ubao mzima. Hivyo kama programu yako imekuruhusu kuuteleza mzinga hadi e4 bila kuruka, huenda ina kasoro.

Kuhusu kete mbili, hapo nakubaliana na programu. Huruki kete mbili.

Nukta_Tisini

Babu, shikamoo. Ulichofundishwa ni sahihi kwa mchezo wa Kikorea unaoitwa janggi, ambao ni ndugu wa xiangqi lakini umeachana nao katika mambo kadhaa, na mzinga ni mojawapo. Katika janggi mzinga lazima uruke kete moja hata unaposogea tu, na haugusani na mzinga mwingine kwa namna yoyote. Ubao wa janggi hauna mto, na ndiyo sababu tembo ulimwona akizunguka kila mahali. Anachocheza ndugu wa Kisauni ni mchezo wa Kichina, kwa hiyo programu yake haina kasoro.

Katika xiangqi mzinga una tabia mbili tofauti, na ni muhimu kuzitenganisha. Unaposogea bila kula, mzinga hufanya kama gari: huenda mbele, nyuma au pembeni kwa umbali wowote, ilmradi njia iwe tupu kabisa. Unapokula, sharti kati yake na kete inayoliwa pawe na kete moja kamili, isiyopungua wala kuzidi. Kete hiyo ya katikati inaweza kuwa yako au ya mpinzani, inaweza kuwa mzinga mwingine, na umbali hauhesabiwi. Inaweza kuwa imegusana na mzinga au imesimama mbali nao. Kwa waliozoea drafti, tofauti kubwa ni kwamba kete iliyorukwa haiondoki ubaoni. Inayoondoka ni ile ya ng'ambo, na mzinga hukaa mahali pake.

Mfano uko wazi tangu kete zinapopangwa. Mzinga wa Mwekundu ulio h2 unatazamana na mzinga wa Mweusi ulio h7, na nyuma ya huo yupo farasi h9. Kati ya h2 na h9 hakuna kete nyingine isipokuwa ule mzinga wa h7, kwa hiyo Mwekundu anaweza kumla farasi kwa hatua ya kwanza kabisa ya mchezo. Hawezi, hata hivyo, kuula mzinga wa h7 wenyewe, kwa sababu kati ya h2 na h7 hakuna cha kuruka. Mtu akiuelewa mfano huu mmoja, ameielewa kanuni yote: kete iliyo karibu iko salama na iliyojificha nyuma yake ndiyo iliyo hatarini.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kwanza. Mshauri alipoingia e8, kati ya mzinga wako na jemadari pakawa na kete mbili, na mzinga hauwezi kuruka mbili. Mpinzani alijikinga kwa njia halali. Lakini usiharakishe kusema kwamba mzinga wako ulipoteza kazi, kwa sababu hapo ndipo ulipokuwa na nguvu ambayo hukuiona. Hebu fikiria: kukiwa na kete mbili katikati, ni ipi kati ya hizo inayoweza kuondoka?

Mwanagenzi_Kisauni

Nimeutazama tena mchezo ule na nimekaa nikilifikiria swali lako. Tembo akiondoka e7, anabaki mshauri peke yake, na mzinga unamfikia jemadari. Mshauri akiondoka e8, anabaki tembo, na mambo ni yaleyale. Ina maana wote wawili walikuwa wamefungwa?

Nukta_Tisini

Ndivyo. Wote wawili walikuwa wamefungwa, kwa kuwa mchezaji haruhusiwi kufanya hatua inayomwacha jemadari wake akitishiwa. Na tembo aliyefungwa hawezi kulinda kitu. Umetuambia kwamba askari wa g5 alikuwa akilindwa na tembo wa e7 peke yake, na kwamba gari lako lilikuwa g2 na njia iko wazi. Ungemla askari yule kwa gari bila hofu yoyote, kwa maana tembo asingeweza kuondoka e7 kuja g5 kulipiza. Mweusi angelazimika kwanza kumhamisha jemadari kutoka e9 kwenda f9, nukta ambayo mshauri alikuwa ameiacha, ndipo tembo awe huru. Na wakati huo wewe ungekuwa na zamu ya kuliondoa gari lako. Askari mmoja angekuwa wako kwa amani.

Kwa hiyo kila unapouweka mzinga kwenye mstari mmoja na jemadari wa mpinzani, hesabu kete zilizo katikati na uisome hesabu hiyo kama amri. Pasipokuwa na kete, mpinzani hawezi kuingiza kete moja hapo, kwa sababu atakuwa amekujengea cha kurukia. Ikiwepo moja, jemadari anatishiwa. Zikiwepo mbili, hakuna mojawapo inayoweza kutoka kwenye mstari. Zikifika tatu, moja inaweza kuondoka, ila kuanzia hapo zilizobaki hufungwa.

Mama_Wawili

Samahani kwa kuingia katikati ya mazungumzo yenu. Mimi nimemchorea binti yangu ubao nyuma ya kadibodi, nikatumia vipimo vya ubao wa sataranji wa miraba 8 kwa 8, lakini kete haziingii. Zipo kete tisa kwenye mstari wa nyuma na miraba ni minane. Nilijaribu kuongeza safu moja, na sasa kasri halieleweki, kwa sababu mistari ya mshazari inakatiza katikati ya miraba. Je, kuna aina tofauti za ubao?

Nukta_Tisini

Dada, ubao wako wa miraba minane kwa upana ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Kinachobadilika ni mahali pa kuweka kete. Katika xiangqi kete haziwekwi ndani ya miraba bali kwenye makutano ya mistari. Miraba minane huzaa mistari tisa ya wima, na kete zako tisa zitakaa vizuri. Kwa urefu unahitaji mistari kumi ya mlalo, ambayo inakupa nukta 90 kwa jumla. Mtaani hata kipande cha boksi kinatosha kabisa, ilmradi mistari ihesabiwe.

Mto ni ile nafasi iliyo kati ya mstari wa tano na wa sita, ambapo mistari ya wima ya ndani haichorwi. Kwenye mbao nyingi za Kichina huandikwa hapo maneno yanayotaja mto wa Chu na mpaka wa Han, kwa kumbukumbu ya vita vya mwaka 206 hadi 202 kabla ya Kristo kati ya Xiang Yu wa Chu na Liu Bang wa Han. Kasri ni nukta tisa, tatu kwa tatu, katikati ya mstari wa nyuma wa kila upande, na ile alama ya msalaba wa mshazari inaonyesha njia za washauri. Ukichora hivyo, binti yako ataona mara moja kwamba mistari ya mshazari inaunganisha nukta na nukta.

Mama_Wawili

Nashukuru sana. Nafuta na kuchora upya. Ila naomba kuuliza: kama mistari haichorwi mtoni, je, kete hutumia hatua ngapi kuvuka? Binti yangu anasisitiza kwamba mto ni mpana, hivyo askari anahitaji hatua mbili, na mzinga hauwezi kupiga ng'ambo.

Msafiri_Guangzhou

Niko Guangzhou kwa masomo, na jioni huwa natazama wazee wakicheza bustanini karibu na ninapokaa. Naweza kumjibu binti yako, dada. Mto hauongezi umbali wowote. Kutoka mstari wa tano hadi wa sita ni hatua moja kama nyingine zote, ni vile tu mchoro umekatika. Gari, farasi na mzinga huuvuka kana kwamba haupo, na mzinga hula ng'ambo kama kawaida. Hata ule mfano wa mwanzo wa h2 kumla farasi wa h9 umevuka mto.

Mto unawagusa wawili tu. Wa kwanza ni askari, ambaye kabla ya kuvuka huenda mbele nukta moja tu, na akishavuka huruhusiwa pia kwenda pembeni, lakini kurudi nyuma hawezi kamwe. Anaanzia mstari wa nne kutoka nyuma yake, kwa hiyo hatua mbili zinatosha kumvusha. Akifika mwisho wa ubao habadiliki kuwa kitu kingine. Hubaki akienda kulia na kushoto, na wazee wa hapa humdharau askari aliyekimbilia huko. Wa pili ni tembo, ambaye havuki kabisa.

Nukta_Tisini

Msafiri amejibu vema. Nitaongeza kwa upande wa tembo, kwa kuwa hilo ndilo swali la pili la mwenye uzi.

Tembo wako wa c4 alikuwa mtoni kabisa kwa upande wako, kwani kwa alama zako zinazoanzia 0 mto uko kati ya mstari wa 4 na wa 5. Askari wa a6 yuko ng'ambo. Umbali ulikuwa sahihi na nukta ya b5 ilikuwa wazi, lakini tembo ni kete ya ulinzi na nchi yake inaishia mtoni. Ukifuata hatua zake kuanzia c0 au g0 utaona kwamba maishani mwake ana nukta saba tu za kukanyaga: c0, g0, a2, e2, i2, c4 na g4. Mshauri ana nukta tano ndani ya kasri, yaani pembe nne na katikati, kwa sababu huenda mshazari nukta moja na hatoki nje. Jemadari ana nukta tisa, huenda mbele, nyuma au pembeni nukta moja, naye hatoki.

Kipo kifungo kimoja zaidi cha majemadari ambacho wageni hukisahau: hawaruhusiwi kutazamana kwenye mstari mmoja wa wima ikiwa hakuna kete kati yao. Mwenye zamu hawezi kufanya hatua itakayoleta hali hiyo. Kwa hiyo jemadari wako akisimama d0 na mstari wa d uko mtupu, jemadari wa mpinzani hawezi kuingia mstari huo, hata kama wewe huna kete nyingine karibu naye.

Sasa unganisheni haya na mzinga. Jemadari hawezi kukimbia nje ya nukta tisa. Walinzi wake, washauri na tembo, wanarudi nukta zilezile chache kila mara, na nyingi ziko kwenye mstari wake au jirani naye. Maana yake ni kwamba kete zinazomlinda ndizo hizo hizo ambazo mzinga wa adui unazitumia kurukia. Mlinzi akikaa pabaya huwa msaidizi wa adui.

Mwanagenzi_Kisauni

Hapo umegusa kitu ambacho kiliniuma katika mchezo mwingine. Nilishindwa mapema mno na mizinga miwili iliyopangwa mstari mmoja wa katikati. Nilikuwa nacheza Nyeusi, niliweka kete mbele ya jemadari ili kukinga, na bado programu ilisema jemadari anatishiwa. Nikajaribu kete nyingine, ikawa vilevile. Nilikata tamaa nikaacha. Je, kanuni ya kete mbili haikufanya kazi hapo?

Nukta_Tisini

Ilifanya kazi, ila kulikuwa na mizinga miwili ya kuhesabia. Ngoja niipitie hatua kwa hatua tangu mwanzo wa mchezo, kwa namna ambayo kila mtu anaweza kuipanga ubaoni kwake.

Mwekundu anahamisha mzinga kutoka h2 hadi e2, nyuma ya askari wake wa e3. Tayari mzinga huo unamtishia askari wa katikati wa Mweusi aliye e6, kwa kuwa kati yao yupo askari wa e3 peke yake. Tuseme Mweusi hakuliona hilo na akamsogeza askari wa pembeni kutoka a6 hadi a5. Mwekundu anamla askari wa e6. Mzinga sasa uko e6, na mbele yake e7 na e8 ni tupu hadi kwa jemadari e9. Hakuna tishio bado, kwa maana hakuna cha kurukia. Lakini tazameni hali ya Mweusi: mshauri hawezi kuingia e8, tembo hawezi kuingia e7, mzinga wake hauwezi kuja e7, kwa sababu kila atakayeingia atakuwa kete moja katikati na atamuua jemadari wake mwenyewe.

Mweusi anasogeza askari mwingine, i6 hadi i5. Mwekundu anapandisha mzinga wa pili kutoka b2 hadi b4. Mweusi bado hajaona, anasogeza c6 hadi c5. Mwekundu anauteleza mzinga wa b4 hadi e4, na mchezo umekwisha.

Kwa nini umekwisha? Mzinga wa e4 unaruka mzinga mwenzake wa e6 na kumfikia jemadari e9. Jemadari hawezi kwenda d9 wala f9, kwa kuwa washauri wake wamesimama hapo tangu mwanzo. Akishuka e8 bado yuko kwenye mstari uleule na mzinga wa e4 unamfikia. Hakuna kete ya Mweusi inayoweza kuila e6 wala e4. Imebaki kukinga. Akiweka kete e7 au e8, ni kweli mzinga wa e4 sasa una kete mbili mbele yake na umezuiwa. Lakini mzinga wa e6, ambao ulikuwa hauna cha kurukia, sasa umepata kete moja, nao ndio unaotishia. Ndicho kilichokupata. Ulikuwa ukiufungia mlango mzinga mmoja na kuufungulia mwingine kwa hatua hiyohiyo.

Babu_Drafti

Marahaba, mwanangu, na ahsante kwa maelezo ya mchezo wa Kikorea. Nimeupanga huu mfano wako mezani. Nina hoja moja: vipi kama Mweusi angeweka kete e5, yaani katikati ya mizinga yenyewe? Hapo mzinga wa e4 ungekuwa na kete mbili mbele yake, na ule wa e6 bado hauna hata moja.

Nukta_Tisini

Babu, hoja yako ni sahihi kabisa, na hiyo ndiyo kinga pekee ambayo ingefanya kazi kwa mpangilio huo. Katika mfano huu hakuna kete ya Mweusi inayoweza kufika e5 kwa hatua moja, kwani askari wake hajavuka mto na haendi pembeni, na magari na farasi bado wako nyuma. Katika mchezo ambao gari la Mweusi limeshatoka na liko kwenye mstari wa 5, kinga hiyo ingekuwepo. Ndiyo sababu mchezaji mzoefu, akiweza, huipanga mizinga miwili ikiwa imegusana, e4 na e5 kwa mfano, ili pasiwe na nafasi ya kuingilia.

Dawa halisi, hata hivyo, iko hatua tatu nyuma. Mara mzinga unapofika e2, Mweusi anamtoa farasi wake h9 na kumweka g7. Kutoka g7 farasi anamlinda askari wa e6, ilmradi f7 iwe tupu, kwani farasi wa xiangqi huzibwa njia akiwekewa kete mguuni. Mwekundu akila e6 baada ya hapo, farasi anaula mzinga. Ndiyo maana hatua hiyo ya farasi ni mojawapo ya majibu yanayoonekana sana dhidi ya mzinga wa katikati.

Msafiri_Guangzhou

Nina swali kuhusu ule mfano wa kwanza wa kumla farasi wa h9. Wachezaji wa hapa hawafanyi hivyo kamwe, na nilipouliza mmoja alinionyesha tu kwa mkono kwamba gari la i9 linaula mzinga. Lakini hiyo ni mzinga kwa farasi, moja kwa moja. Mimi naona ni sawa tu. Kwa nini ionekane ni upotevu?

Nukta_Tisini

Kwa hesabu ya kete ni moja kwa moja, kweli. Kwa hesabu ya zamu si hivyo. Mzinga wako umetumia hatua moja kisha umetoweka, huku gari la Mweusi limetoka pembeni na kusimama h9, likitazama mstari wa h bila kutumia hatua ya ziada. Jambo la pili ni kwamba mwanzoni ubao umejaa kete, kwa hiyo mzinga una vya kurukia vingi, wakati farasi huzibwa miguu na umati huohuo. Kadiri kete zinavyopungua, farasi hupata nafasi na mzinga hupoteza ngazi zake. Kubadilishana mapema ni kuitoa silaha wakati thamani yake iko juu.

Msafiri_Guangzhou

Sababu ya zamu naikubali. Ile ya thamani bado sijashawishika, kwa kuwa nimeona michezo mingi ambayo mwisho wake mzinga uliookoka ndio ulioshinda, na farasi akawa anazungukazunguka tu. Labda ni namna ya wachezaji wenyewe.

Mwanagenzi_Kisauni

Hilo la mwisho wa mchezo linanihusu. Nimewahi kubaki na mzinga na jemadari wangu tu, dhidi ya jemadari mtupu wa mpinzani, na baada ya kuzunguka sana ikatangazwa sare. Nilijiona mzembe. Palikuwa na njia?

Nukta_Tisini

Hapakuwa na njia, ndugu, na unaweza kujithibitishia mwenyewe. Ili mzinga umtishie jemadari, lazima pawe na kete moja kati yao. Ubaoni umebaki na kete tatu tu, kwa hiyo kete hiyo ya katikati ingekuwa jemadari wako mwenyewe. Lakini jemadari wako haondoki kasri lake, hivyo anaweza kukaa kati yao kwa mstari wa wima tu, na akikaa hapo anatazamana na jemadari wa mpinzani bila kete katikati, jambo ambalo sheria imelikataza. Mzinga peke yake hauwezi kutoa tishio hata moja.

Ungekuwa umebakiza mshauri wako mmoja, hali ingebadilika. Mzinga e0, mshauri e1, jemadari wako pembeni d0 au f0, na mstari wa e unakuwa moto: jemadari wa adui hawezi kusimama humo. Ndiyo maana wachezaji wa mizinga huwatunza washauri wao hadi mwisho, hata wakati hawahitaji tena ulinzi.

Babu_Drafti

Na tembo je? Tembo naye ni kete. Kwa nini usiseme tembo?

Nukta_Tisini

Tembo anafaa, ila kwa sehemu ndogo zaidi. Jemadari wa adui anaishi kwenye mistari mitatu tu ya wima: d, e na f. Rudi kwenye zile nukta saba za tembo, utaona ziko kwenye mistari ya a, c, e, g na i. Kati ya mistari mitatu ya jemadari, tembo anagusa e peke yake, tena kwenye nukta moja tu, e2. Mshauri anaweza kukaa d0, d2, e1, f0 au f2, kwa hiyo anagusa yote mitatu.

Msafiri_Guangzhou

Lakini tembo akiwa e2 anaacha nukta mbili nyuma yake, e0 na e1, ambapo mzinga unaweza kukaa, na jemadari pia akahitaji kujificha. Mzee mmoja hapa hupendelea kubaki na tembo kuliko mshauri anapocheza na mzinga, na hushinda. Nitaandika mpangilio wake nukta kwa nukta nikimkuta tena, tuuchambue hapa.

Nukta_Tisini

Uandike, tafadhali, na uonyeshe pia mpinzani wake amebaki na nini. Kama mpinzani bado ana washauri wake wawili, huenda yule mzee hamtegemei tembo wake hata kidogo, bali anaruka juu ya washauri wa adui.